Kugawa ukiwa hai, kuandika wosia au kuuachia ukoo: ulinganisho kwa mwenye shamba la miti Mufindi

Mzee mmoja alifika ofisini kwetu Mafinga asubuhi ya baridi, amevaa koti zito na kofia ya sufu, akatoa mfukoni daftari la shule lililokunjwa katikati. Aliliweka mezani, akalinyoosha kwa kiganja, akauliza swali ambalo katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria nimelisikia mara nyingi kuliko jingine lolote: "Mwanangu, niwagawie sasa, niandike, au niwaachie wenyewe watakaa na ukoo?"

Swali lake lina njia tatu, na kila moja ina watetezi wake vijijini. Nitazilinganisha kwa kutumia familia yake, kwa ridhaa yake na bila kumtaja jina, kwa sababu ubora wa njia hizi hauonekani mpaka uziweke juu ya mali fulani na watoto fulani. Shamba la miti ya mbao, hasa, lina tabia ambayo shamba la mahindi halina, nayo ndiyo inayozua ugomvi mwingi ninaouona katika ukanda huu.

Mzee ana umri wa miaka 71. Ana ekari 12 za misindano katika vipande viwili vilivyo kwenye ardhi ya kijiji. Kipande cha juu ni ekari 5, kilipandwa mwaka 2008. Kipande cha bondeni ni ekari 7, nacho kilipandwa upya mwaka 2020 baada ya moto wa mwaka uliotangulia kuteketeza miti yote iliyokuwapo. Ana boma na ekari 3 za mahindi na viazi, na ana nyumba Mafinga mjini kwenye kiwanja chenye hati. Yeye na mke wake walifunga ndoa kanisani mwaka 1979 na wamezaa watoto watatu: wa kwanza wa kiume ana duka la vipuri Mbeya, wa pili ni binti aliyerudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika, na ndiye anayesimamia miti, wa tatu ni kijana dereva wa lori. Yuko pia binti wa nne, aliyezaliwa nje ya ndoa, anayeishi Makambako. Wote wanne wanafahamiana, ingawa jina la huyo wa nne hutamkwa kwa sauti ya chini pale mama akiwapo.

Daftari lilikuwa na kurasa mbili zilizoandikwa. Ukurasa wa kwanza, kwa wino wa bluu, ulisema shamba la juu ni la mtoto wa kwanza. Mzee alinieleza kwamba alimwahidi hivyo mbele ya wageni siku ya harusi yake. Ukurasa wa pili, kwa wino mweusi, ulisema "miti yote" ni ya binti. Hilo alilitamka usiku ule wa moto, binti aliporudi kutoka bondeni nywele zimeungua kwa mbele, baada ya kukesha na majirani wakipiga moto kwa matawi mabichi ili usipande hadi shamba la juu. Ahadi zote mbili zilikuwa za kweli kwa siku zake. Hakuna ukurasa uliokuwa na tarehe wala shahidi.

Kabla ya kulinganisha, yapo mambo mawili ambayo hayabadiliki njia yoyote itakayochaguliwa. La kwanza ni kwamba mzee hawezi kugawa, kwa mkono wala kwa karatasi, kisichokuwa chake. Mali iliyochumwa ndani ya ndoa ina jasho la mke hata kama karatasi zote zina jina la mume. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani imetambua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Shauri lile lilikuwa la talaka, lakini hoja yake huwafuata watu mpaka kwenye mirathi. La pili ni kwamba ekari si kipimo cha utajiri wa miti. Misindano ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja hubeba miti 450 hivi, kwa hiyo ekari 5 za juu zilianza na miti kama 2,250 na ekari 7 za bondeni zina zaidi ya 3,000. Lakini ile 2,250 ya mwaka 2008, hata baada ya kupunguziwa, ni mbao zinazosubiri msumeno, na ile 3,000 ni kazi ya miaka mingi ijayo ya kupalilia, kupogolea na kusafisha barabara za moto. Anayepewa ekari 5 kapewa mavuno, na anayepewa ekari 7 kapewa kibarua. Ukiyasahau hayo, mgawo unaoonekana wa haki kwenye karatasi utaleta vita.

Njia ya kwanza: kugawa akiwa hai

Wazee wengi huipenda njia hii, na sababu yao ni nzuri. Mwenye mali yupo, ana sauti, na mtoto asiyeridhika anamwuliza yeye mwenyewe badala ya kumwuliza kaka yake kando ya kaburi. Kipande kilichohamishwa kihalali hakiingii tena kwenye mirathi, maana siku ya kifo hakikuwa cha marehemu.

Neno zito hapo ni "kihalali". Kinachofanyika vijijini mara nyingi ni kugawa kwa kidole: baba anasimama kwenye mwinuko, anaonyesha mlingoti ulio pembeni na mtaro wa maji, anasema kutoka hapa hadi pale ni pako. Mtoto analima pale miaka kumi. Baba akifa, ndugu wanasema alipewa kutumia na hakupewa kumiliki, na mwenye kudai kwamba alipewa ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Mashahidi wake wamezeeka au wamefariki, na mlingoti wa mpaka ulishauzwa nguzo.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, uhamisho wa haki ya kimila hupita kwenye Halmashauri ya Kijiji. Kwa mzee wetu ingekuwa hivi: anaandika kusudio lake, Halmashauri inakaa na kuridhia kwa muhtasari, majirani wanaitwa kwenye mpaka wakati kipande kinapopimwa, na mtoto anapata hati ya haki miliki ya kimila kwa jina lake. Nyumba ya Mafinga ni habari nyingine, kwa sababu ina hati ya mjini. Hiyo huhamishwa kwa hati ya uhamisho inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, pamoja na tathmini na malipo ya serikali ambayo mtu aulizie kabla hajaahidi. Na kwa kuwa ndiyo nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mzee kuitoa bila ridhaa ya mke wake.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haina kurudi. Zawadi iliyokamilika imekamilika. Mtoto akiamua kumwita mnunuzi wa mbao wiki ijayo, akauza miti ikiwa bado imesimama ili anunue gari, baba hana la kufanya zaidi ya kulalamika kanisani. Lipo pia jambo ambalo wazee hawalifikirii mpaka limewafika: mtoto anaweza kufa kabla ya baba. Kipande alichopewa hakirudi kwa baba, kinakwenda kwa mke na watoto wa marehemu. Nimekaa kwenye kikao ambapo mzee wa miaka themanini alikuwa akimwomba mkwewe aliyekwisha kuolewa kwingine amruhusu akate kuni kwenye shamba alilolipanda mwenyewe. Mkwe hakuwa mtu mbaya, na sheria ilikuwa upande wake.

Kinga ipo, nayo ni kuandika masharti ndani ya zawadi yenyewe siku ya kuitoa. Mzee anaweza kumpa mtoto ardhi na kujibakizia mavuno ya mzunguko uliosimama: ardhi ni ya mtoto tangu leo, lakini miti iliyopandwa mwaka 2008 ni ya mzee na mkewe, na mmoja wao akifariki ni ya aliyebaki. Sharti hilo liingie kwenye muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji, si kwenye karatasi ya pembeni itakayopotea. Kwa shamba la mahindi sharti la namna hii halina maana kubwa, ila kwa miti ndilo kila kitu.

Njia ya pili: wosia

Wosia una sifa iliyo kinyume kabisa na zawadi: unaweza kubadilishwa mpaka siku ya mwisho. Mzee anabaki na mali yake, mtoto hawezi kuuza asichokuwa nacho, na mtoto akitangulia kufa, mzee anaandika upya. Kwa familia ambayo bado haijatulia, pengine kijana anakunywa sana au ndoa ya binti haijulikani itakwenda wapi, sifa hiyo ni kubwa.

Lakini wosia una masharti ya umbo, na hapo ndipo daftari la mzee lilipoanguka. Sheria ya kimila ya urithi na wosia iliyoandikwa kwa Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, inayohusu jamii zinazofuata ukoo wa baba, inataka wosia wa maandishi uwe na tarehe, uandikwe kwa wino usiofutika au upigwe chapa, na ushuhudiwe. Mwenye wosia anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mke aliyepo nyumbani naye anashuhudia, juu ya hao. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wanne. Wosia wa maandishi haufutwi kwa maneno ya mdomo, bali kwa maandishi mengine. Hili la mwisho ndilo ninalolirudia kwa sauti, kwa sababu kauli ya kitandani, "nimebadili mawazo, mpeni mdogo", huaminiwa na kila aliyekuwa chumbani na kukataliwa na kila asiyekuwapo, na aliyetajwa kwenye wosia ulioandikwa vizuri ndiye anayeshinda.

Kurasa mbili za mzee, basi, hazikuwa wosia hata mmoja. Zilikuwa kitu kibaya kuliko kutokuwa na wosia, kwa kuwa kila mtoto angeshika ukurasa wake na kuamini kwamba mwenzake anamdhulumu.

Jambo la pili ni kunyima. Mzee aliniambia kwa uchungu kwamba mtoto wa Mbeya hajaja kumwona miaka mitatu, na alitaka amwache nje kimya kimya. Chini ya sheria hiyo ya kimila, kumnyima mrithi urithi kunahitaji sababu itajwe, nazo ni sababu nzito, kama vile kumshambulia mzazi, kumtelekeza katika njaa au ugonjwa, au kuharibu mali yake. Kutokupiga simu hakumo. Mtoto asiyetajwa kabisa ndiye anayekwenda mahakamani akiwa na nguvu, na anaweza kuufanya wosia mzima uyumbe. Nilimshauri mzee amtaje, ampe anachodhani kinamstahili, na aandike sababu ya kumpa pungufu: kwamba alisomeshwa, na kwamba mtaji wa duka ulitokana na mbao zilizovunwa bondeni kabla ya moto. Sababu ya namna hiyo hata mwenye kuumia huisoma mara mbili.

Wosia ndio pia njia iliyo wazi zaidi ya kumwingiza binti wa Makambako. Tangazo lile la 1963 linamweka mtoto wa nje ya ndoa nje ya urithi wa upande wa baba pale ambapo hakuna wosia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa upande wake, inakataza kumnyima mtoto kufaidi kwa kiasi cha haki mali ya mzazi wake. Kati ya hizo mbili kuna uwanja mpana wa mabishano, na mstari mmoja wa mzee unauziba.

Udhaifu wa wosia, kwa mwenye miti, ni kwamba unaandikwa leo na kusomwa siku isiyojulikana, na miti haisubiri. Nimeusoma wosia uliosema "msitu wa misindano wa juu apewe fulani". Ulipofunguliwa, msitu ulikuwa umevunwa miaka minne nyuma kulipia matibabu ya marehemu mwenyewe, na kilichobaki ni visiki. Yule fulani alidai alipwe thamani ya mbao kutoka mali nyingine, na nduguze wakamwambia urithi wake ni visiki. Walitaniana mwanzoni, baadaye hawakusemeshana. Wosia wa mwenye miti lazima useme mambo mawili kwa kila kipande: ikiwa miti imesimama siku ya kifo, inakwenda kwa nani na nani atagharimia barabara za moto hadi ivunwe, na ikiwa imeshavunwa, ardhi tupu inakwenda kwa nani.

Niongeze kwamba wosia haumkwepeshi mtu mahakama. Aliyetajwa kuwa msimamizi bado anakwenda kuthibitishwa kabla ya kugusa mali. Kwa hiyo karatasi isifungiwe sandukuni chini ya nguo za marehemu, mahali ambapo wa kwanza kuifikia ndiye anayeamua kama ipo. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, hupokea na kuhifadhi wosia, na wako mawakili na makanisa wanaofanya hivyo. Waislamu wa ukanda huu wana mipaka yao katika wosia, ambao hauzidi theluthi moja ya mali na hauongezi fungu la mrithi; wao ulinganisho huu hauwatoshi, wakamwone sheikh anayejua mirathi.

Njia ya tatu: kuuachia ukoo na mahakama

Hii ndiyo njia ya asiyechagua, na ndiyo ya wengi. Baada ya matanga, ukoo unakaa, unapendekeza msimamizi na kuandika muhtasari. Msimamizi anapeleka muhtasari na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi. Mahakama inatangaza ombi ili mwenye pingamizi ajitokeze, inamteua, na kumpa barua ya usimamizi. Tangu hapo ana miezi minne ya kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, na kurejesha Fomu Namba V ya orodha ya mali na Fomu Namba VI ya hesabu ya mgawanyo.

Karatasini ni njia fupi. Ugumu unaanza na swali la sheria ipi itumike, kwa kuwa mgawo hubadilika kabisa. Chukua ekari 12 za mzee kana kwamba zote ni zake na zote zina miti sawa. Chini ya sheria ya kimila ya 1963, mtoto wa kiume wa kwanza yuko daraja la kwanza na fungu lake ni kubwa kuliko ya wengine, wanaume wengine wako daraja la pili, mabinti wako daraja la tatu kwa fungu dogo kabisa, mjane hana fungu lake bali hutunzwa na watoto, na binti wa Makambako hayumo. Chini ya Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika nchini kwa wasiofuata mila wala Uislamu, mjane anapata theluthi, ekari 4, na watoto wanagawana ekari 8 kwa usawa bila kujali jinsia. Wakiwa watatu, kila mmoja anapata ekari 2 na theluthi mbili. Wakihesabiwa wanne, ekari 2 kila mmoja. Binti anayesimamia miti, kwa hiyo, anaweza kutoka na kipande cha huruma au na fungu sawa na la kaka yake, kutegemea tu jibu la swali kwamba marehemu aliishi maisha gani.

Mahakama hulipima hilo kwa mwenendo wa marehemu. Katika shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi, la mwaka 1969, marehemu alionekana kuwa ameishi mbali na mila za kabila lake, na sheria ya kimila haikutumika. Mzee wetu, aliyefunga ndoa kanisani lakini hakosi kikao cha ukoo hata kimoja, angeweza kuvutwa upande wowote, na kila mtoto angemkumbuka baba kwa namna inayomfaa. Ni kweli kwamba mila inayowabagua wanawake katika ardhi imepigwa mara kadhaa: mwaka 1990 Mahakama Kuu ilikataa mwanamke azuiwe kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, katika shauri la Holaria Pastory wa Kagera, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha desturi inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Hata hivyo binti atalazimika kuisema hoja hiyo mbele ya baba zake wadogo, na si kila mmoja ana kifua hicho wiki mbili baada ya mazishi.

Makosa matatu hujirudia katika njia hii. Msimamizi hujiona mrithi mkuu, anauza miti na kusema anafidia gharama za msiba, ilhali yeye ni mtumishi wa mali tu na hesabu yake yaweza kupingwa. Ndugu aliyedhulumiwa naye hukimbilia baraza la ardhi kudai shamba la baba kwa jina lake mwenyewe, na shauri linatupwa, kwa sababu mwenye uwezo wa kudai mali ya marehemu ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kosa la tatu ni kungoja. Dai la ardhi lina ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu hesabu huanza siku ya kifo, si siku mtoto alipopata nauli au ujasiri.

Miti nayo ina ukomo wake, mfupi zaidi. Kiangazi kinapoingia, mtu hulima barabara ya moto kuzunguka shamba analojua ni lake. Shamba lenye kesi halina mtu. Nimeliona shamba moja likibishaniwa misimu miwili, kila upande ukikataa kutoa hela ya vibarua isije ikaonekana umemlimia mwenzako, na msimu wa tatu moto wa jirani aliyekuwa akiandaa shamba la mahindi ukaimaliza kesi yote kwa saa nne.

Nilichomshauri, na alichofanya

Kwa mwenye nyumba moja, watoto wanaosikilizana na shamba la mahindi tu, njia ya tatu inaweza kwenda salama, na sitamtisha mtu. Kwa mwenye miti ya umri tofauti, ahadi mbili zinazopingana na mtoto nje ya ndoa, niliona haifai hata kidogo. Wala zawadi peke yake wala wosia peke yake havikumtosha mzee huyu. Nilimwambia atenganishe mali kwa kuangalia nani anaifanyia kazi sasa: kinachohitaji mkono wa mtu leo kitolewe leo, na kinachosubiri tu kibaki kwenye wosia.

Ekari 7 za bondeni zinahitaji mkono. Anayezipogolea bila kujua kama ni zake atachoka, na akichoka zitaungua. Kwa hiyo ekari 4 za bondeni zilikwenda kwa binti kama zawadi kamili, na 3 kwa kijana dereva, ambaye alikubali kumlipa dada yake gharama za barabara ya moto kila mwaka. Mama aliketi kwenye kikao cha Halmashauri ya Kijiji na kusema kwa kinywa chake kwamba ameridhia, katibu aliandika. Ekari 5 za juu, ambazo ni mavuno, zilibaki za mzee na mkewe. Wosia unasema kwamba ikiwa zitakuwa zimesimama, zivunwe zote kwa pamoja na fedha igawanywe: theluthi moja kwa mama, na inayobaki kwa watoto wote wanne kwa usawa. Ardhi yake tupu iwe ya mtoto wa kwanza, kwa sababu ya ahadi ya harusini. Nyumba ya Mafinga ni ya mama. Binti wa Makambako ametajwa kwa jina lake na la mama yake, ili asije akaulizwa ni nani.

Si mgawo ambao ningeufanya mimi. Ningempa binti zaidi, na nilimwambia mzee hivyo. Akanijibu kwamba mimi nimeuona usiku wa moto kwa kusimuliwa, lakini sikuwapo harusini.

Wosia ulikwama wiki mbili kwa jambo dogo. Shahidi wa ukoo aliyetakiwa awe mdogo wake mzee, na mdogo wake alipoambiwa asaini aliuliza kama mzinga wa nyuki ulioko mpakani umeandikwa. Ulikuwa umeandikwa, na umeandikwa kwake. Ikabidi atafutwe mtu mwingine wa ukoo asiyepata kitu, akapatikana binamu Kinyanambo, akaja na kalamu yake mwenyewe. Mzee alizipasua zile kurasa mbili palepale, akaomba abaki na daftari kwa kuwa bado lina karatasi nyingi safi. Mtoto wa Mbeya alipigiwa simu na mama siku hiyohiyo kuambiwa yaliyoandikwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza misindano ya juu sasa ina unene gani.